Kwa nini anga huwa la buluu mchana na jua hugeuka jekundu jioni

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WANANCHI wengi waliotazama kupatwa kwa Mwezi usiku wa tarehe 7 Septemba, 2025 waliona Mwezi ukigeuka mwekundu mfano wa shaba kwa zaidi ya saa moja. Wengi waliuliza wekundu ule ulitoka wapi, ilhali Mwezi hauna nuru yake wenyewe. Jibu lake ni lile lile linaloeleza kwa nini anga la mchana ni la buluu na kwa nini jua la magharibi huwa jekundu: ni kazi ya hewa tunayoivuta.

Makala haya yanaeleza kwa lugha nyepesi namna hewa inavyotenganisha rangi za nuru ya jua, na namna mwananchi anavyoweza kulithibitisha jambo hilo nyumbani kwake.

Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi

Nuru ya jua huonekana nyeupe, lakini ndani yake zimo rangi zote za upinde wa mvua, kuanzia nyekundu hadi urujuani. Nuru husafiri kwa mawimbi, na kinachotofautisha rangi moja na nyingine ni urefu wa wimbi lake. Wimbi la nuru nyekundu lina urefu wa takribani nanomita 650, na la buluu takribani nanomita 450. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, hivyo mawimbi yote mawili ni madogo mno. Hata hivyo, tofauti iliyopo kati yao ndiyo chanzo cha yote yanayofuata.

Hewa nayo ni mkusanyiko wa molekuli, hasa za naitrojeni na oksijeni. Molekuli hizo ni ndogo sana hata zikilinganishwa na wimbi la nuru, kwa kuwa upana wa kila moja haufikii nanomita moja. Wimbi linapoipitia molekuli, huitikisa kidogo, nayo molekuli huitupa sehemu ya nuru hiyo pande zote. Kitendo hicho huitwa mtawanyiko wa nuru.

Mwanafizikia wa Uingereza, John William Strutt, ambaye baadaye alijulikana kama Lodi Rayleigh, alionesha mwaka 1871 kwamba vitu vidogo namna hiyo havitawanyi rangi zote kwa usawa. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo linavyotawanywa zaidi, na ongezeko hilo ni kubwa kuliko mtu anavyoweza kudhani. Tukigawanya 650 kwa 450 tunapata takribani 1.44. Kanuni ya Rayleigh inataka namba hiyo izidishwe yenyewe kwa yenyewe hadi iwe imetumika mara nne, yaani 1.44 × 1.44 × 1.44 × 1.44, na jibu lake ni zaidi kidogo ya 4. Kwa maneno mengine, hewa hutawanya nuru ya buluu zaidi ya mara nne kuliko inavyotawanya nuru nyekundu.

Hapo ndipo buluu ya anga inapotoka. Mtu anapotazama juu, mbali na jua lenyewe, nuru inayofika machoni mwake haikuja moja kwa moja kutoka kwenye jua. Ni nuru iliyokuwa ikipita kuelekea kwingine, ikatawanywa na hewa na kuelekezwa kwake, na sehemu kubwa ya nuru hiyo ni ya mawimbi mafupi. Lugha yetu yenyewe imehifadhi uhusiano huo: neno samawati, tunalolitumia kwa rangi hii, lina asili ya neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu.

Swali linalofuata ni kwa nini anga halionekani la urujuani, ilhali urujuani una wimbi fupi kuliko buluu. Sababu ni mbili. Kwanza, nuru ya jua ina urujuani mdogo kuliko buluu. Pili, jicho la mwanadamu huhisi urujuani kwa udhaifu. Mchanganyiko wote unapofika machoni, ubongo huusoma kuwa ni buluu iliyopauka.

Wapo wanaoamini kuwa anga ni la buluu kwa sababu huakisi rangi ya bahari. Imani hiyo haiwezi kuwa sahihi, kwani anga la Dodoma, mamia ya kilomita kutoka pwani, ni la buluu vilevile. Ukweli ni kwamba bahari ndiyo huakisi rangi ya anga kwa kiasi fulani, na ndiyo maana maji yale yale huonekana ya kijivu siku ya mawingu mazito.

Safari ya nuru: mfano wa Dar es Salaam

Tuchukue Dar es Salaam kama mfano. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita juu ya utosi katika jiji hilo wakati wa adhuhuri. Nuru yake hushuka wima na kupita katika hewa kwa njia fupi kuliko zote. Kama hewa yote ya juu yetu ingekuwa na uzito sawa na ile iliyo usawa wa bahari, unene wake ungekuwa takribani kilomita 8 tu.

Katika njia hiyo fupi, kwa hewa safi, kila sehemu 100 za nuru nyekundu zinazoingia, takribani 95 hufika chini. Kwa nuru ya buluu hufika takribani 80. Tofauti hiyo si kubwa, hivyo jua la adhuhuri huonekana jeupe, lenye umanjano kidogo tu.

Jioni hali hubadilika. Jua linapogusa upeo wa macho, nuru yake haishuki tena wima. Huja ikiambaa juu ya uso wa dunia, na hewa inayopitia ni takribani mara 38 ya ile ya utosini. Kwa mtu aliyeko Dar es Salaam, nuru ya jua la magharibi huwa imeshapita juu ya nyanda za Dodoma ikiwa kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 10, kisha juu ya Morogoro kwa kimo cha takribani kilomita 2, ndipo ikamfikia.

Katika safari hiyo ndefu hesabu ni nyingine kabisa. Kati ya sehemu 100 za nuru nyekundu, takribani 15 bado hufika. Kwa upande wa buluu, hata tukianza na sehemu 10,000, zinazofika ni takribani 2 tu. Kinachobaki kwa mtazamaji ni nyekundu na rangi ya machungwa. Mawingu yaliyo juu nayo hupokea nuru hiyo hiyo iliyokwishachujwa, ndiyo maana huwaka wekundu hata baada ya jua kuzama.

Buluu iliyokosekana haikupotea. Ilitawanywa njiani, na sehemu yake ndiyo inayowaangazia wananchi wa Dodoma, ambao wakati huo jua lao bado halijazama. Kwao huzama takribani robo saa baadaye. Kwa hiyo wekundu wa jioni ya mahali pamoja na buluu ya mchana wa mahali pengine ni pande mbili za tukio moja.

Mwezi mwekundu wa Septemba nao hueleweka kwa njia hiyo. Wakati wa kupatwa, Dunia huuzuia Mwezi usipate nuru ya jua moja kwa moja. Nuru pekee inayoufikia ni ile iliyopenya kwenye ukingo wa hewa unaoizunguka Dunia, yaani nuru ya machweo na mapambazuko yote ya ulimwengu kwa wakati huo.

Vumbi, moshi na mawingu

Kanuni hii hufanya kazi kwa chembe ndogo sana peke yake. Matone ya maji ya mawinguni ni makubwa mara nyingi kuliko wimbi la nuru, nayo hutawanya rangi zote karibu kwa usawa. Ndiyo sababu mawingu ni meupe. Vumbi na moshi mzito huelekea upande huo huo. Wakati wa kiangazi, mashamba yanapochomwa na barabara za vumbi zikitimka, anga karibu na upeo wa macho hupauka na kuwa jeupe, na jua la jioni huzama likiwa jekundu lililofifia, wakati mwingine likitoweka kabla ya kufika chini. Baada ya mvua kubwa kuosha hewa, buluu hurejea ikiwa imekolea. Kwa hiyo rangi ya anga ni kipimo cha awali cha usafi wa hewa ambacho kila mtu anacho.

Jambo hili huwagusa pia wananchi wanaofuatilia kuandama kwa mwezi. Mwezi mchanga hutafutwa chini upande wa magharibi, muda mfupi baada ya jua kuzama. Wakati huo hewa ya upande huo bado inatawanya nuru ya jua, na mng'ao huo unaweza kuufunika mwezi mwembamba. Aidha, nuru ya mwezi wenyewe inapita katika hewa ile ile nene ya upeoni na kupungua. Vumbi na moshi vikiongezeka, watazamaji wa mahali pamoja wanaweza kuukosa mwezi ambao wenzao wenye hewa safi wameuona, bila yeyote kati yao kuwa amekosea.

Jaribio la nyumbani

Mwananchi anaweza kuliona hili kwa macho yake. Jaza maji safi kwenye bilauri au chupa ndefu inayopitisha mwanga, weka matone machache ya maziwa, kisha koroga. Zima taa, na umulike kwa kurunzi kutoka upande mmoja. Ukitazama kwa ubavuni, maji yataonekana yenye weupe wa kibuluu, kama anga. Ukitazama kutoka upande ulio mkabala na kurunzi, mwanga utaonekana wa manjano au wa rangi ya machungwa, kama jua la jioni. Maji yakiwa meupe kabisa, maziwa yamezidi; hali hiyo ni sawa na anga lililojaa vumbi, na dawa yake ni kuongeza maji.

Jua lenyewe lisitumike kwa jaribio la aina hii. Hata linapokuwa jekundu na kuonekana pole, bado hutoa mionzi ya joto isiyoonekana, ambayo hewa haiichuji kama inavyochuja buluu. Wananchi wanashauriwa kutazama anga na mawingu yanayolizunguka jua, na kutolikazia jua macho, hususan kwa kutumia darubini au kamera isiyo na kichujio maalumu.