Skana Iliposema Hakuna Kitu

Tarehe 15 Machi 2017 watu wa usalama wa Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, waliendesha skana kwenye mifumo yao. Walikuwa na sababu. Siku nane kabla yake ilitangazwa kwamba Apache Struts, maktaba inayotumika kujengea tovuti za Java, ina tundu lililopewa namba CVE-2017-5638. Mtu akiwa popote duniani angeweza kuitumia seva ombi moja lililotungwa kwa hila, na seva ikatekeleza amri zake. Kiraka kilikuwa kimeshatoka. Skana ikazunguka, ikamaliza, ikasema hakuna kitu.

Kitu kilikuwapo. Tovuti ambayo wananchi waliitumia kupinga makosa kwenye kumbukumbu zao ilikuwa imejengwa kwa Struts yenye tundu hilo. Uchunguzi uliofanyika baadaye ulieleza kwamba skana ilikagua folda ya juu tu, wala haikushuka hadi folda ya ndani ambamo Struts ilikaa. Wadukuzi waliingia katikati ya Mei, wakagunduliwa mwishoni mwa Julai, na kufikia hapo walikuwa wamefikia taarifa za watu takriban milioni 147.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha uzembe wa kutoweka kiraka, na ni kweli uzembe ulikuwapo. Mimi kinachoniuma ni ile sifuri ya tarehe 15 Machi. Kuna sifuri ya mtu aliyetafuta asione, na kuna sifuri ya mtu ambaye hakutafuta mahali penyewe. Kwenye karatasi zinafanana kabisa. Siku hizi wasanidi wengi wa programu wanaweka hatua ya skana ndani ya mlolongo wao wa kujenga programu, na sifuri hiyo wanaipokea mara kadhaa kwa siku. Inafaa tujue inatoka wapi.

Programu ya leo haiandikwi yote na waliolipwa kuiandika. Anayetengeneza mfumo wa malipo huandika sehemu yake, kisha huchukua maktaba zilizoandikwa na wengine: ya kusoma tarehe, ya kuongea na kanzidata, ya kuandika kumbukumbu za matukio. Kila maktaba nayo imeegemea nyingine. Mwisho wa yote, vitu hivyo hufungashwa pamoja na vipande vya mfumo endeshi ndani ya furushi moja ambalo mafundi huliita imeji ya kontena. Furushi hilo ndilo linalopelekwa kwenye seva. Kazi ya kuchukua msimbo, kuujenga, kuujaribu na kuufungasha hufanywa na mashine, hatua kwa hatua, kila msanidi anapowasilisha mabadiliko. Skana huwekwa baada ya furushi kufungwa na kabla ya kusafirishwa.

Watu wengi hudhani skana husoma msimbo na kunusa hatari. Sivyo. Skana kama Trivy au Grype hufanya kazi ya karani wa bohari. Hulifungua furushi na kutafuta hati zinazotaja kilichomo. Kwenye imeji ya Debian husoma faili `/var/lib/dpkg/status`, ambamo mfumo umeandika kila kifurushi kilichosakinishwa na toleo lake. Kwenye Alpine husoma `/lib/apk/db/installed`. Kwa programu za JavaScript husoma faili za `package.json` za maktaba zilizosakinishwa, na kwa Java hufungua faili za `.jar` na kutazama jina na toleo lililoandikwa ndani. Ikishapata orodha ya majina na matoleo, huilinganisha na orodha nyingine, ya matundu yaliyokwisha kujulikana duniani. Jina likilingana na toleo likiangukia ndani ya matoleo yenye tundu, mstari mmoja huandikwa. Programu yenyewe haiwashwi hata sekunde moja.

Chukua imeji ya mfumo wa malipo, tuiite `malipo:1.8`, iliyojengwa kwa Java. Amri ni hii:

```
trivy image --severity HIGH,CRITICAL --exit-code 1 malipo:1.8
```

Na huu ni mstari mmoja wa majibu, nimeufupisha:

```
log4j-core   CVE-2021-44228   CRITICAL   2.14.1   2.15.0
```

Unasomeka hivi: maktaba ni log4j-core, tundu ni namba hiyo, uzito wake ni wa juu kabisa, toleo lililomo ni 2.14.1, na tundu lilizibwa kwenye 2.15.0. Hili ndilo tundu la Desemba 2021 lililopewa alama 10 kati ya 10. Log4j kazi yake ni kuandika kumbukumbu za matukio, lakini ilipoandika maneno yenye `${jndi:` iliyatii: ilikwenda kwenye anwani iliyotajwa na kuchukua huko kitu cha kuendesha. Kwenye seva za mchezo wa Minecraft ilitosha mtu kuandika maneno hayo katika dirisha la soga.

Hapa msanidi wa mfumo wetu anaweza kuapa kwamba hakuwahi kuandika neno log4j katika orodha ya maktaba zake, na akawa anasema kweli. Wataalamu wa Google walipopitia hazina kuu ya maktaba za Java mwezi huo, walikuta zaidi ya 35,000 zimeguswa, na kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya hizo tundu lilikuwa limejificha chini kwa zaidi ya ngazi moja: maktaba iliyoitwa na maktaba iliyoitwa na nyingine. Ndiyo maana inafaa kulikagua furushi lililokwisha kufungwa, maana humo vyote vimeshakusanyika, vilivyoagizwa na vilivyokuja kwa mkumbo.

Basi msanidi anapandisha log4j hadi 2.15.0, anajenga upya, skana inanyamaza. Siku chache tu baadaye ikatangazwa kwamba kiraka kile hakikuziba vizuri. Likazaliwa tundu jipya, CVE-2021-45046, na toleo la 2.16.0. Tazama kilichofuata. Tundu hilo kwanza lilipewa alama 3.7, yaani uzito mdogo, na skana iliyoambiwa isimame kwa mambo mazito pekee ingelipitisha. Baada ya siku chache watafiti wakaonyesha kwamba linaweza kutumika kuendesha amri kwenye seva, alama ikapandishwa hadi 9.0. Imeji ilikuwa ileile, haikuguswa hata herufi moja. Kilichobadilika ni orodha ya dunia. Kabla mwezi haujaisha yalikuwa yametoka matoleo mengine mawili, 2.17.0 na 2.17.1.

Kwa hiyo anayeikagua imeji siku ya kuijenga tu amekagua nusu. Mfumo uliojengwa Oktoba na kuachwa uendelee bila kuguswa haupiti tena kwenye mlolongo, na hakuna mtu atakayeambiwa. Imeji zilizo kazini zinahitaji kukaguliwa upya kila usiku, hata kama hakuna msimbo mpya.

Turudi kwenye sifuri. Kwa kuwa skana husoma hati, kitu kisicho na hati hakionekani. Fundi akipakua programu kwa `curl` wakati wa kufungasha na kuidondosha kwenye folda, `dpkg` haina habari, na mara nyingi skana nayo haitakuwa na habari. Maktaba ya Java iliyosagwa na kuchanganywa ndani ya `.jar` nyingine, majina yake yakabadilishwa, inaweza kupita vilevile. Kosa la upande wa pili lipo pia. Debian huwa na desturi ya kurudisha kiraka kwenye toleo la zamani bila kupandisha namba kuu, ikiongeza alama ndogo mwishoni kama `deb11u3`. Skana isiyosoma orodha ya Debian yenyewe itapiga kelele kwa tundu lililokwisha kuzibwa. Na tundu ambalo halijatangazwa halimo katika orodha yoyote. Mlango wa siri uliopandikizwa kwenye xz 5.6.0 na 5.6.1 ulijulikana tarehe 29 Machi 2024. Kabla ya hapo skana zote zingeupitisha.

Kelele nazo zina gharama yake. Imeji ya kawaida ya Debian inaweza kutoa mistari mingi ambayo bado haina kiraka, na msanidi hana la kuifanya. Ukisimamisha ujenzi kwa kila mstari, wiki ya pili watu wataizima skana. Ninavyoona mimi, mistari yote ichapishwe, ila ujenzi usimame kwa yale mazito yenye kiraka tu; kwenye Trivy kusimama huko hufanywa na `--ignore-unfixed`, katika amri ya pekee, kwa sababu huificha mistari isiyo na kiraka. Linaloachwa kwa makusudi liandikwe kwenye faili `.trivyignore` pamoja na sababu na tarehe ya kulitazama tena. Ruhusa isiyo na tarehe hukaa mpaka walioitoa wote wamehama kazi.

Niliwahi kukaa na kijana mmoja Dar es Salaam, akinionyesha mlolongo wa ofisi yao kwa fahari. Hatua ya skana ilikuwa na alama ya kijani. Nikamwomba tufungue maandishi yake. Mistari myekundu ilijaa kioo kizima, kumi na kitu ikiwa ya uzito wa juu kabisa.

"Kaka, mbona imepita?" aliuliza, akiinamia kioo.

Ilipita kwa sababu Trivy isipoambiwa vinginevyo humaliza kwa namba 0, hata ikiwa imekuta maovu, na kwa mashine 0 maana yake ni heri. Ile `--exit-code 1` kwenye amri ya hapo juu ndiyo inayoipa skana uwezo wa kusema simama. Miezi kadhaa ofisi ile ilikuwa inachapisha onyo ambalo halikusomwa na mtu.

Tulichofanya siku ile ni kutengeneza imeji ndogo ya majaribio na kutia ndani yake, kwa makusudi, log4j-core 2.14.1. Imeji hiyo haipelekwi kwenye seva yoyote. Hupitishwa mbele ya skana kila alfajiri, na inatakiwa ikataliwe. Siku ikikubaliwa, skana ni kipofu, na sifuri za imeji nyingine zote za siku hiyo hazina thamani. Haigundui kila kitu: orodha ya matundu iliyozeeka kwa mwaka mzima bado itaijua log4j ile, ndiyo maana kando yake tunachapisha pia majibu ya `trivy --version`, yanayoonyesha orodha ilisasishwa lini.

Baada ya muda akanipigia simu. Imeji ya majaribio ilikuwa imepita. Walifuatilia wakakuta mwenzao mmoja, akiwa na haraka ya kupeleka kazi Ijumaa jioni, aliongeza herufi chache mwishoni mwa ile amri ya skana, `|| true`, ambazo hugeuza kila kukataliwa kuwa kukubaliwa. Zilikuwa zimekaa hapo tangu Ijumaa. Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi.