Tundu la mlangoni, kimo cha nani?

Mafundi wengi hutoboa tundu la kuchungulia kwa kimo cha macho yao. Anza kwa kuwapima wanaoishi ndani, wakiwa wamevaa ndala, kutoka sakafuni hadi kwenye jicho.

Tuseme jicho la baba liko sentimita 163, la mama 149 na la mtoto wa miaka tisa 118. Lenzi moja ikae 150: mama atatazama wima, baba atainama kidogo. Ya pili ikae 118 kwa ajili ya mtoto, chini ya ile ya kwanza. Stuli si suluhisho, kwani huburuzwa na aliye nje akasikia.

Kwenye mlango wa paneli, toboa ubao mnene wa katikati, si paneli nyembamba. Vipenyo hutofautiana, nyingi huhitaji biti ya milimita 14. Toboa kutoka nje hadi ncha ichomoze ndani, kisha malizia kutokea ndani, mbao isichanike. Ingiza lenzi kutoka nje, kaza kwa sarafu kutokea ndani.

Mwisho, mfundishe mtoto: akiona mgeni, amwite mkubwa, asifungue.