Baridi Mbili za Kijapani

Mitaani Japani, hata vijijini, kuna mashine za kuuzia vinywaji. Mteja anatia sarafu, anabonyeza kitufe, chupa inadondoka chini. Majira ya baridi mashine moja huuza kahawa ya moto na soda ya baridi kwa pamoja, na vibandiko vya rangi humwelekeza mnunuzi. Chekundu huandikwa "attakai", yaani cha moto. Cha buluu huandikwa "tsumetai", yaani cha baridi.

Hapo ndipo anayeanza kujifunza Kijapani hukwama. Darasani alifundishwa kwamba baridi ni "samui", na kamusi ndogo aliyo nayo inayapa maneno yote mawili maana hiyo hiyo moja. Mbona basi hakuna mashine inayouza soda "samui"?

Jibu liko katika namna baridi inavyomfikia mtu. Samui ni baridi ya hewa, ile inayomzunguka mtu akaisikia mwili mzima. Tsumetai ni baridi ya kitu kinachogusa ngozi au ulimi.

Chukua asubuhi ya Januari mjini Sapporo, kaskazini mwa nchi. Mtu akitoka kitandani na hita imezimwa, husema samui. Akifungua bomba anawe uso, maji ni tsumetai. Kitasa cha mlango nacho ni tsumetai, lakini akishatoka nje kwenye theluji, hali ya hewa ni samui. Mtu huyo huyo akimtazama mwenzake na kusema "kyoo wa tsumetai", akikusudia kwamba leo kuna baridi, mwenzake atabaki akingoja kuambiwa ni kitu gani hicho cha baridi.

Miguu hukubali maneno yote mawili, na maana hubadilika. Aliyevaa sketi fupi kwenye upepo anaweza kusema miguu yake ni samui, kwa kuwa haina cha kuikinga. Ikisemwa kuwa ni tsumetai, basi imepoa, na atakayeishika ataisikia. Upepo wenyewe uko mpakani: ni hewa, lakini unapiga usoni, kwa hiyo mara nyingi huitwa tsumetai.

Mswahili ana njia ya mkato. Panapofaa kusema "kuna baridi" au "nasikia baridi", neno ni samui. Panapofaa "maji ya baridi" au "mikono yako ni ya baridi", ni tsumetai.

Mgawanyo huo unaendelea hata kwenye mafumbo. Mtu asiye na huruma ni tsumetai, na mzaha uliokosa kuchekesha, watu wakabaki wakitazamana, ni samui.

Kwenye joto mambo ni tofauti. Jua kali na chai ya moto vyote huitwa "atsui", na kinachovitenganisha ni maandishi tu, kwa kuwa kila kimoja kina herufi yake ya kanji.