Urari Unaokataa Kulingana

Kampuni ya Nairobi ikiwa na kampuni tanzu Dar es Salaam, vitabu vya kule huandikwa kwa shilingi za Tanzania. Mwaka ukiisha, urari wake hugeuzwa kuwa wa shilingi za Kenya ili hesabu za kundi zima ziunganishwe. Urari huo hufika Nairobi ukiwa umelingana, lakini ukishageuzwa, pande mbili huachana. Mhasibu mgeni huanza kutafuta kosa, na mara nyingi kosa halipo.

Tuseme huu ni mwaka wa kwanza. Upande wa debiti una mali za milioni 300 na gharama za milioni 234. Upande wa krediti una madeni ya milioni 64, mtaji wa milioni 200 na mauzo ya milioni 270. Kila upande unafika milioni 534.

Siku mtaji ulipoingia, shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na 16 za Tanzania. Wastani wa mwaka ulikuwa 18, na siku ya kufunga vitabu ilikuwa 20. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 21, inataka mali na madeni, hata majengo na mitambo, yageuzwe kwa kiwango cha siku ya kufunga. Mauzo na gharama hutokea siku baada ya siku, kwa hiyo hutumia wastani, mradi kiwango hakikuyumba sana. Kikiyumba, ni afadhali wastani wa kila mwezi. Mtaji uliingia mara moja, na kwa desturi hubaki na kiwango cha siku ile.

Sasa mali ni milioni 15 za Kenya na gharama 13, jumla 28. Madeni ni 3.2, mtaji 12.5 na mauzo 15, jumla 30.7. Debiti imepungukiwa na milioni 2.7.

Pengo hilo lisizibwe kabla ya kuthibitishwa kwa njia nyingine. Mtaji ule, kwa kiwango cha kufunga, ungekuwa milioni 10: umepoteza 2.5. Faida ya milioni 36 za Tanzania ni milioni 2 kwa wastani, lakini ni 1.8 kwa kiwango cha kufunga: imepoteza 0.2. Jumla ni 2.7 kamili. Aliyegeuza mtaji kwa kiwango cha kufunga angeona pengo la 0.2 tu, akafurahia udogo wake, kumbe ameficha hasara kubwa ya kushuka kwa shilingi ya Tanzania.

Hasara hiyo haipunguzi faida ya mwaka. Huonyeshwa kwenye mapato mengine jumuishi na kuwekwa katika akiba ya tofauti za ubadilishaji, ndani ya mtaji wa wenye hisa. Mwaka wa pili, faida ya milioni 2 huletwa mbele ilivyo, bila kugeuzwa upya. Akiba nayo hukusanyika hadi kampuni tanzu itakapouzwa; hapo ndipo huhamishiwa kwenye hesabu ya faida na hasara.