Vumbi la Barabarani na Moshi wa Gari: Jirani Wasiofanana

Je, wajua kwamba gari dogo likipita kilomita moja tu ya barabara kavu ya changarawe linaweza kurusha hewani kiasi cha nusu kilo ya vumbi laini? Hapo hatuhesabu kokoto zinazogonga bodi wala mchanga unaodondoka papo hapo nyuma ya gurudumu. Tunahesabu zile chembe ndogo tu, zenye kipenyo kisichozidi maikromita 10, ambazo mtu akivuta pumzi zinapita puani na kushuka kifuani. Wapimaji wa hewa huziita PM10. Unywele wa kichwani una unene wa maikromita 50 hadi 100, kwa hiyo chembe kadhaa za aina hii zinaweza kupangwa mstari mmoja kwenye upana wake.

Makadirio hayo yanatoka kwenye kanuni ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, iliyomo katika mwongozo wake unaojulikana kama AP-42. Kanuni hiyo inahitaji mambo machache: asilimia ya udongo laini juu ya barabara, mwendo wa magari, na unyevu wa udongo. Tuchukue barabara ya moramu ya kawaida. Tuseme asilimia 12 ya udongo wake wa juu ni laini kiasi cha kupita kwenye chekeche yenye matundu ya maikromita 75, magari yanakwenda kilomita 48 kwa saa, na unyevu umebaki nusu ya asilimia, kama unavyokuwa wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Kanuni inatoa takriban gramu 500 kwa kila gari kwa kila kilomita. Barabara hiyo ikipitwa na magari 500 kwa siku, kilomita moja inatoa kilo 250 za vumbi laini kati ya asubuhi na usiku, na wanaolipokea kwanza ni wenye nyumba na vibanda vilivyo kando yake.

Sasa linganisha na moshi. Gari dogo la dizeli lililotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha Euro 4 haliruhusiwi kutoa zaidi ya gramu 0.025 za chembe kwa kilomita. Hata lori kuukuu linalotoa moshi mweusi halitoi zaidi ya gramu chache. Kwa uzito, basi, barabara imeizidi injini kwa mbali mno, na hapo ndipo watu wengi wanapofikia hitimisho la haraka kwamba moshi si kitu. Hitimisho hilo ni kosa, na sababu yake iko kwenye namna kila kimoja kinavyozaliwa.

Vumbi huzaliwa kwa kusagwa. Gurudumu lenye mzigo linakanyaga kokoto, kokoto inasuguana na mwenzake, na kila mzunguko unavunja kipande kidogo na kukipunguza zaidi. Kazi hii ya kusaga ina mwisho wake: nguvu ya gurudumu haitoshi kuvunja jiwe hadi ukubwa wowote ule, kwa hiyo sehemu kubwa ya vumbi hukoma kwenye maikromita kadhaa. Kisha gari likishapita, huacha nyuma yake mahali penye mgandamizo mdogo wa hewa na mizunguko ya upepo inayofagia chini na kuinua juu kila kilicholegea. Ndiyo maana gari lenye tumbo pana na mwendo mkali hutimua wingu kubwa kuliko pikipiki, na ndiyo maana gari la umeme, lisilo na moshi hata kidogo, hutimua vumbi sawasawa na la dizeli lenye uzito uleule.

Moshi huzaliwa kinyume chake, kwa kujengwa kutoka kidogo kwenda kikubwa. Ndani ya silinda, matone ya mafuta yasiyopata hewa ya kutosha hugeuka kaboni, vipunje vidogo vinashikana na kuwa vishada, na mvuke wa oili na salfa unaganda juu yake pale hewa ya moto inapokutana na hewa ya nje kwenye mdomo wa eksozi. Nyingi za chembe hizi hazifiki hata maikromita 0.1.

Tofauti hii unaweza kuiona kwa kidole. Pitisha kidole kwenye jani la mgomba lililo kando ya barabara ya vumbi: kitatoka na unga mwekundu au wa kahawia unaokwaruza kidogo ukiusugua, kwa sababu ni madini, hasa kwotzi na udongo wa mfinyanzi uliopakwa kutu ya chuma. Maji kidogo yanauondoa. Kisha pitisha kidole kingine ndani ya mdomo wa eksozi iliyopoa. Hicho kitatoka cheusi, laini, chenye mafuta, na maji matupu hayatakisafisha, lazima sabuni.

Ukubwa pia ndio unaoamua nani anafika wapi. Chembe ya jiwe yenye maikromita 10 hushuka kwa kasi ya karibu sentimita 0.8 kwa sekunde. Ikiinuliwa mita mbili juu, huchukua kama dakika nne kufika chini, na upepo wa mita mbili kwa sekunde unakuwa umeisukuma karibu nusu kilomita. Ile ya maikromita 100 inadondoka baada ya sekunde chache, hatua kadhaa tu kutoka barabarani. Ya maikromita moja inahitaji saa nyingi. Chembe ya moshi haina haja ya kutua kwa uzito wake. Huelea hadi ishikane na nyingine au ioshwe na mvua. Mwilini ni vivyo hivyo. Vumbi kubwa hunaswa na makamasi ya pua na koo, ukalitema au kulimeza. Chembe za moshi hupita hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia damuni.

Kuna hesabu moja inayoeleza kwa nini mizani peke yake inadanganya. Chembe ya maikromita 10 ina ujazo sawa na chembe milioni moja za maikromita 0.1. Gramu moja ya moshi, kwa hiyo, ni kundi kubwa ajabu la chembe, na juu yake kuna kemikali za mafuta yaliyoungua nusu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Lakini vumbi nalo si la kudharauliwa. Karibu sehemu moja kwa kumi ya lile vumbi letu la gramu 500 ni chini ya maikromita 2.5, kiwango kinachofika ndani kabisa ya mapafu, na kwotzi laini ikivutwa kwa miaka huacha makovu yasiyopona. Mama anayeuza maandazi kando ya barabara ya mchepuko anavuta vyote viwili, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Fundi anaweza kusafisha nozeli za injini mpaka moshi ukome, na vumbi lisipungue hata chembe.

Dawa ya vumbi ni kuzuia lisinyanyuke. Njia ya haraka ni maji. Maji hayafanyi kazi kwa kuloanisha tu. Tone dogo linalobaki kati ya punje mbili huzivuta pamoja kwa nguvu ya uso wake, na punje laini kumi zilizoshikana huwa na tabia ya punje moja nzito isiyopaa. Ndiyo maana hatua za kwanza za unyevu zina faida kubwa kuliko zote. Kwa mujibu wa mwongozo uleule, kuufanya unyevu wa udongo wa juu kuwa mara mbili ya ule wa barabara kavu hupunguza vumbi kwa asilimia 75. Ili kufika asilimia 95 inabidi unyevu uwe mara tano. Maji ya ziada baada ya hapo yanaleta tope.

Tufuate boza moja kazini. Barabara ina upana wa mita sita, na boza limebeba lita 9,000. Likimwaga sawasawa katika kilomita moja, kila mita ya mraba inapata lita moja na nusu, yaani kimo cha maji cha milimita 1.5. Jua kali la saa saba mchana pamoja na upepo wa magari linaweza kukausha zaidi ya nusu milimita kwa saa. Kabla ya saa tatu kupita, vumbi limerudi. Wakazi wanaolalamika kwamba mkandarasi anamwagilia asubuhi tu wana haki kabisa, kwa sababu umwagiliaji wa alfajiri haumlindi mtu yeyote saa nane mchana. Boza hilohilo likigawa mzigo wake, nusu asubuhi na nusu kabla ya adhuhuri, litasaidia zaidi kwa maji yaleyale. Dalili ya kuangalia ni rangi: sehemu ya katikati ya njia za magurudumu ikianza kupauka, wakati wa kurudia umefika, hata kama pembeni bado pana giza la unyevu.

Chumvi ya kalisi kloridi huongeza muda kwa kunyonya unyevu wa hewa, lakini hufaa penye hewa yenye unyevu, husombwa na mvua, na hula chuma cha magari. Molasi nayo hutumika palipo karibu na viwanda vya sukari. Kitu ambacho hakifai kabisa ni oili chafu ya gereji. Mji wa Times Beach, jimboni Missouri nchini Marekani, ulinyunyiziwa oili chafu barabarani mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kuzuia vumbi. Oili hiyo ilikuwa imechanganywa na taka za kiwandani zenye dioksini. Mwaka 1983 serikali ilitangaza kuununua mji wote, na watu wakahamishwa.

Lami huondoa chanzo chenyewe, kwani gurudumu halipati tena kokoto ya kusaga wala udongo wa kuinua. Kwenye lami iliyo safi kiasi, gari dogo huinua chini ya gramu moja kwa kilomita badala ya 500. Si lazima iwe lami nene ya barabara kuu. Aina iitwayo Otta, iliyobuniwa Norwei katika miaka ya 1960, hutumia lami laini na changarawe ya kawaida isiyochambuliwa sana, na imetumika Kenya na Botswana kwenye barabara zenye magari machache.

Ila lami hufanya kazi ikiwa safi. Kukiwa na gramu 10 za udongo laini katika kila mita ya mraba, kanuni ya barabara za lami inapandisha vumbi hadi gramu 10 kwa kilomita, zaidi ya mara kumi ya ile safi. Udongo huo huletwa na malori yanayotoka machimbo ya mchanga na matairi yamejaa tope, na bajaji zinazokwepa foleni kwa kupita bega la barabara lisilo na lami. Kwa hiyo mita chache za kokoto nzito kwenye mlango wa machimbo, pa kukung'utia matairi kabla lori halijaingia barabarani, zinaokoa kilomita nzima ya lami. Na anayefagia lami hiyo alowanishe kwanza, kwa kuwa ufagio mkavu hurusha hewani zile chembe laini na kuacha mchanga mzito ukisukumwa kando.