Pilau ya Sahani Ishirini: Kupanga Somo la Vitendo la Upishi

Somo la vitendo katika chuo cha ufundi stadi hupangwa kwa kuanzia mwisho. Mkufunzi huweka kwanza saa ya kuonja, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua. Chakula kikipangwa kuonjwa saa 6:00 mchana, pilau ipakuliwe saa 5:50, mchele uingie kwenye supu karibu saa 5:00, na nyama iwe jikoni kuanzia saa 3:30 ili ilainike vizuri. Ukaguzi wa usafi unaanza saa 2:00 asubuhi, na hesabu ya gharama inakamilika siku moja kabla, kwa kuwa ndiyo inayoamua kinachonunuliwa sokoni.

Mfano ni kikundi cha wanafunzi wanne wanaopika pilau ya ng'ombe na kachumbari kwa sahani 20. Kwa wastani wa gramu 100 za mchele mkavu na gramu 125 za nyama mbichi kwa sahani, zinahitajika kilo 2 za mchele na kilo 2.5 za steki. Tuseme mchele ni shilingi 3,000 kwa kilo na steki 12,000. Mchele utagharimu 6,000 na nyama 30,000. Vitunguu, viazi, mafuta, viungo na mahitaji ya kachumbari yakifika 13,000, jumla ni 49,000, yaani 2,450 kwa sahani. Kikundi kikitaka malighafi isizidi asilimia 35 ya bei ya kuuzia, 2,450 hugawanywa kwa 0.35 na bei inakuwa 7,000. Salio la 4,550 ndilo linalobeba gesi, maji, ujira, pango na faida.

Hesabu hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua kwa bei ya juujuu. Nyama ya mifupa ya shilingi 10,000 kwa kilo huonekana nafuu, lakini robo yake ikiwa mifupa, kilo moja ya nyama inayoliwa imegharimu takriban 13,300, zaidi ya steki. Ya pili ni upakuaji. Mkono ukiwa mzito na sufuria ikatoa sahani 17 badala ya 20, gharama ya kila sahani hupanda hadi karibu 2,880, sawa na asilimia 41 ya bei. Kwa hiyo sahani ya kwanza hupimwa kwenye mizani, na zinazofuata hupakuliwa kwa upawa uleule.

Ukaguzi wa usafi hufanyika katika vituo vitatu. Mlangoni hutazamwa kucha, nywele, aproni na vidonda. Aliyeharisha au kutapika haingii jikoni hadi saa 48 zipite tangu dalili zilipokoma. Katika maandalizi, nyama mbichi na mboga hukatiwa mbao tofauti na visu tofauti. Kachumbari ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwani hailiwi baada ya kupita motoni: kijidudu kilichotoka kwenye nyama hakina kitakachokiua. Wakati wa kupakua, kipimajoto huingizwa katikati ya pilau, nayo inapaswa kubaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Mchele una spora za bakteria zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa uvuguvugu kwa muda mrefu, spora huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Matokeo ya ukaguzi huandikwa palepale, tena kabla ya kuonja, kwa sababu ulimi hautambui chakula chenye vijidudu. Kachumbari iliyokatiwa kwenye ubao wa nyama hutupwa, hata kama inavutia, na kikundi hukosa alama zake.

Kwa uonjaji, sahani hupewa namba zisizotaja kikundi. Waonjaji watatu hutumia vijiko safi, husukutua kwa maji kati ya sahani, na kila mmoja huandika alama kabla ya kuzungumza na wenzake. Kati ya alama 100, ladha inaweza kupewa 40, ulaini wa wali na nyama 30, mwonekano 15 na joto 15. Maneno kama "tamu" hayamsaidii mwanafunzi. Maoni hutaja kasoro na chanzo chake: wali wenye kiini ulikosa maji au ulipaliwa moto mapema mno, wali bokoboko ulizidishiwa maji au ulikorogwa baada ya kuiva, pilau iliyopauka ilitokana na vitunguu kutokaangwa hadi kuwa vya kahawia, nyama ngumu ilichelewa kuwekwa jikoni.

Alama za usafi, gharama na kuonja huwekwa kwenye karatasi moja, kila moja ikisomeka peke yake. Zikijumlishwa tu, ladha nzuri inaweza kuficha uchafu au hasara. Kikundi kilichopika vizuri lakini kikatoa sahani 17 hakirudii kupika. Kinarudia kupima na kupakua.