Tazama Ubavu wa Kisu, Si Makali Peke Yake

Mnunuzi wa kisu hupapasa makali kwa kidole gumba, akaridhika. Lakini makali hufungua njia tu. Kisu kikishazama kwenye boga, kinachoamua kama kitapita au kitakwama ni ubavu wake, yaani sehemu iliyo kati ya mgongo na makali.

Chukua visu vitatu vyenye mgongo wa milimita 2 na unene wa milimita 0.4 karibu na makali. Cha kwanza kina ubavu bapa: unene unapungua taratibu, na katikati ni milimita 1.2. Cha pili ubavu wake umebonyea kwa ndani kwa sababu kilisagwa kwenye gurudumu. Hapo katikati kinaweza kuwa na milimita 0.7 tu. Cha tatu kimetuna, na katikati kinafika 1.6.

Kilichobonyea huingia kwa wepesi wa ajabu, ndiyo maana wembe wa kukunja wa vinyozi husagwa hivyo. Kwa ngozi na nyama kinatosha kabisa. Kwenye boga, hata hivyo, ule wembamba unaisha ghafla, sehemu nene inafika na kulisukuma kando: boga linapasuka badala ya kukatika, au kisu kinang'ang'ania humo. Tena chuma kikipungua unene kwa nusu, uwezo wake wa kukataa kupinda hubaki thumuni tu. Ukigonga mfupa, makali hujikunja au humeguka.

Kilichotuna kina chuma kingi nyuma ya makali, kwa hiyo huhimili kishindo. Shoka na panga nzuri husagwa hivyo. Vipande vya viazi pia havigandi sana ubavuni mwake, kwani vinagusa sehemu ndogo tu. Gharama yake ni nguvu ya mkono: kinahitaji kusukumwa zaidi.

Kwa jikoni mimi nachagua bapa chenye mgongo mwembamba. Hakishindi vingine kwa lolote moja, ila kinapita kwenye kitunguu, nyama na boga bila kukwama, na kukinoa kwenye jiwe ni rahisi. Kasoro yake huja polepole: kila unaponoa, makali yanapanda kuelekea mgongoni penye unene zaidi. Kisu kikiwa kikali lakini kinapasua karoti badala ya kuikata, ubavu ndio umekuwa mnene, nao unahitaji kupunguzwa.

Dukani, weka ukingo wa rula ubavuni, kutoka mgongoni kuelekea makali, kisha tazama kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, umebonyea. Rula ikicheza, umetuna. Ikilala yote, ni bapa.

Na ukimpelekea mnoaji panga la kukatia kuni, mwambie alifuate umbo lake kwa tupa. Akilisaga bapa hadi liwe jembamba, litakata majani vizuri na kumeguka kwenye gogo la kwanza.